Swali la kura ndani ya lekcha uliweke wapi: kabla ya kufundisha, katikati, ama mwisho?

Mwenzangu mmoja anaefundisha chuo hapa Mombasa alinipigia juzi usiku. Darasa lake lina wanafunzi kama 120, kipindi ni masaa mawili, fizikia ya mwaka wa kwanza kwa vijana wanaosomea mambo ya meli. Ananambia, dada, kila nikiuliza mumeelewa wote huitikia ndio, alaf nikija kusahihisha karatasi za mtihani nakuta nusu ya darasa walikua washapotea tangu wiki ya tatu. Sasa anataka kuanza kuweka yale maswali mafupi ya kuchagua jibu, darasa zima lapiga kura, na jambo la kwanza aloniuliza ni atumie apu gani. Nikamwambia bwana, apu tutaongea mwisho, kwanza nambie hilo swali utaliweka wapi ndani ya kipindi, na ukishaona majibu utafanya nini. Akanyamaza kidogo. Tukaongea mpaka simu ikaisha chaji, na yale niliomwambia nimeyapanga hapa kwa yeyote aliko kwenye njia panda ile ile.

Mahali pa kuliweka ni patatu: kabla hujafundisha ile dhana, mara tu baada ya kuifundisha na kabla hujapanda juu yake na dhana nyengine, ama mwisho wa kipindi watu wakiwa washafunga daftari. Watu huyachukulia kama ni swali moja tu linalosogezwa huku na kule, lakini kila mahali lajibu kitu tofauti. La kabla lakuonyesha wamekuja na fikra gani kutoka nyumbani, la katikati lakwambia leo hii uendelee ama urudi, na la mwisho, mimi naona, kwa darasa kubwa ndo dhaifu kabisa na ntaeleza kwa nini.

Tuchukue swali moja tulipitishe kote ili tofauti ionekane.

Swali lenyewe

Kuna mashua inaelea ndani ya bwawa dogo, ndani ya mashua pana jiwe kubwa. Mtu alichukua lile jiwe akalitupa majini likazama mpaka chini. Usawa wa maji ya bwawa: (A) utapanda, (B) utashuka, (C) utabaki pale pale, (D) inategemea ukubwa wa jiwe.

Jibu ni B, na watu wazima wenye digrii hukosa. Jiwe likiwa ndani ya mashua, mashua inasukuma maji ya ziada yenye uzito sawa na uzito wa jiwe lote. Jiwe likishazama linasukuma maji ya ujazo wake tu. Na jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo ule ule, kwa hivo likizama linasukuma maji machache kuliko lilivokua linasukuma likiwa limebebwa. Chukua jiwe la gramu 520 lenye ujazo wa mililita 200. Likibebwa linasukuma mililita 520, likizama linasukuma 200, yani zimepungua mililita 320. Ukifanya jaribio hilo kwenye tangi la samaki lenye upana wa sentimita 20 kwa 20, maji yanashuka milimita 8, na ukiwa umebandika rula kwa nje hata alokaa safu ya nne ataona. Kwa beseni pana la kufulia hutaona kitu, usijisumbue.

Nimelipenda swali hili kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kukariri. Ukiwauliza "kanuni ya Archimedes yasema nini" utapata asilimia 90 na hutakua umejua chochote, wamesoma kwenye slaidi. Swali linalofaa kuwekwa katikati ya lekcha ni lile ambalo alokariri na aloelewa hawatoi jibu moja.

Likiwekwa kabla hujafundisha

Hapa unaanza kipindi, hujasema lolote kuhusu kuelea, tangi liko mezani na maji na bakuli la plastiki na jiwe ndani yake, unauliza nikilitoa jiwe nikalizamisha itakuaje. Wanapiga kura, alaf unafanya jaribio mbele yao.

Faida yake kubwa ni kwamba mtu akishajifunga na jibu, macho yake yanaangalia kwa makini. Mwaka 2004 Catherine Crouch na wenzake pale Harvard walichapisha kazi yao ya kulinganisha wanafunzi walotazama jaribio tu na walotakiwa kwanza watabiri matokeo, na wale watazamaji tu hawakupishana sana na wale ambao hawakuliona jaribio kabisa, wakati walotabiri walielewa zaidi. Mimi jambo hili lilinigusa sana, mana miaka kadha nilikua nabeba vyombo kwenye boda kupeleka darasani, nafanya jaribio zuri, wanapiga makofi, na kumbe bila kuwauliza kwanza ilikua ni kama kuwaonyesha sinema.

Lakini kura hizi zisichukuliwe kama kipimo cha uelewa, mana hujafundisha bado, na hapa ndo nimeona waalimu wakikosea. Wanauliza kabla, wanaona robo tu wamepata, wanavunjika moyo ama wanaanza kuwasema wanafunzi. Machaguo ni manne, darasa likifumba macho na kubahatisha robo yao watapata tu, kwa hivo 30 kati ya 120 ni sawa na hakuna anaejua, na hilo ni sawa kabisa kwa dakika ya tano ya kipindi. Cha kuangalia pale ni wale walokosa wamerundikana wapi. Wakitawanyika sawasawa A, C na D basi wanabahatisha kweli. Wakirundikana A, hao hawabahatishi, hao wana fikra kichwani kwamba kitu kikiingia majini lazima maji yapande, na hio fikra ndo utakayokua unapigana nayo kipindi kizima. Kura za kabla zakupa jina la adui, hazikupi alama za mtu.

Na kama dhana haina jaribio wala jambo la kutabiri, kwa mfano unafundisha majina ya sehemu za meli ama alama za vizio, swali la kabla halina kazi. Huwezi kutabiri jina.

Likiwekwa baada ya kipande, kabla ya kipande kinachofuata

Hapa ndo mahali ningemuweka mtu anaeanza, na ndo pana kazi zaidi, kwa hivo ntakaa kidogo.

Kwanza hio "katikati" si ya saa. Watu wengi wamesikia eti akili ya mwanafunzi inachoka dakika 10 ama 15 kwa hivo weka swali kila dakika 15. Wilson na Korn mwaka 2007 waliupitia ushahidi wa dai hilo wakaona hauna nguvu. Mimi napanga kwa kiungo, yani natafuta pale ambapo nikiendelea na wao hawajashika, kitakachofuata chote kitaanguka. Kwenye mada ya kuelea kiungo ni hiki: kabla sijaingia kwenye uthabiti wa meli, kwa nini meli ikipakiwa vibaya inalala upande, lazima wawe washajua kinachoelea kinasukuma maji ya uzito wake. Kiungo kiko pale, swali linaenda pale, iwe ni dakika ya 20 ama ya 45.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia hapo hapo Harvard, ndie alieanza mwaka 1991 utaratibu ambao wengi wetu tunaufuata mpaka leo. Unafundisha kipande, unaonyesha swali, unawapa dakika moja ama moja na nusu kila mtu afikirie peke yake kimya, kura ya kwanza, unaangalia matokeo wewe tu, wanajadiliana na jirani dakika mbili tatu, kura ya pili, alaf unaeleza. Ukijumlisha yote ni kama dakika 8. Hio dakika 8 uiandike kwenye mpango wako wa kipindi kabisa, usidhani itapatikana yenyewe.

Sasa, tuseme kura ya kwanza ya watu 120 imetoka hivi: A 41, B 54, C 19, D 6. Walopata ni asilimia 45. Kanuni ya kazi inayotumika sana ni kwamba wakiwa chini ya asilimia 30 usiwaambie wajadiliane, rudi ufundishe kwa njia nyengine. Wakiwa kati ya 30 na 70 waache wajadiliane. Wakizidi 70 eleza kwa ufupi songa mbele. Kwa hivo 45 yatwambia wajadiliane.

Lakini usiisome hio 54 kama ni watu 54 walioelewa. Tuseme wanaojua kweli ni 32 tu na wale 88 wengine wanabahatisha, robo ya 88 ni 22, ongeza 32, unapata 54 ile ile. Na ukiwa na machaguo matatu badala ya manne mambo ni mabaya zaidi, mana thuluthi nzima ya wasiojua itapata, kwa hivo asilimia 40 kwenye swali la machaguo matatu ni kama hakuna kitu. Ndo mana niliongeza lile D, "inategemea ukubwa wa jiwe", si la kujaza nafasi, linavuta yule ambae hajui lakini asikia vibaya kuonekana hajui. Na hapa tena uangalie A, watu 41 wote mahali pamoja. Hao wana sababu, na mtu mwenye sababu anaweza kujadiliana na mwenye sababu nyengine, hapo ndo majadiliano yanazaa.

Kura za kwanza usiwaonyeshe. Yani hata projekta nageuza, mana wakishaona mti mmoja wa grafu umepanda, mjadala umekwisha, kila mtu anahamia kule kuliko na wengi, na kama wengi wako A basi umewahamishia kwenye kosa. Hili limechunguzwa pia kwenye madarasa ya bayolojia, wanafunzi walioonyeshwa grafu walihamia zaidi kwenye jibu la wengi kuliko wale ambao hawakuonyeshwa.

Wakati wa majadiliano mimi sisimami mbele. Nawaambia tafuta jirani mwenye jibu tofauti na lako umshawishi, alaf natembea nasikiliza. Sauti ndo kipimo cha pili. Ukisikia "lakini jiwe lilikua linasukuma maji hata likiwa ndani ya mashua" ujue darasa liko njiani. Ukisikia "weka B, yule husoma sana" basi hio kura ya pili itapanda na haitakua na maana yoyote. Niliwahi kufurahia kura ilopanda kutoka nusu mpaka karibu darasa lote, nikasonga mbele kwa raha zangu, wiki ya pili nikauliza jambo lile lile kwa sura nyengine wakaanguka wote. Walikua wamemfuata kijana mmoja wa mbele anaeongea kwa sauti. Tangu hapo kura ya pili siiamini mpaka niwe nimesikiliza makundi matatu manne kwa masikio yangu.

Mtu atauliza, kwani wasiojua wakijadiliana na wasiojua watapata nini. Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado waliliuliza hilo hilo, majibu yao yakatoka kwenye jarida la Science mwaka 2009. Baada ya majadiliano waliwapa wanafunzi swali la pili la dhana ile ile lenye sura tofauti, kila mtu peke yake, wakaona wamepanda kweli, na hata kwenye vikundi ambavyo mwanzo hakuna hata mmoja alokua na jibu. Ndo mana mimi nikiona asilimia 33 ama 35 sikimbilii kufundisha upya, nawapa zile dakika tatu kwanza.

Tuseme basi kura ya pili imetoka 88 kwa B, asilimia 73. Hapo maelezo yako yaanze na A, si B. Waulize walochagua A mwanzo walifikiri nini, mmoja atasema "mwalimu, kitu kikiingia majini si lazima kisukume maji?" na huyo ana haki, kinasukuma, alichosahau ni kwamba kilikua kinasukuma na hapo kabla. Ukianza na B moja kwa moja wale wa A wataandika jibu sahihi kwenye daftari na fikra yao ya zamani itabaki salama kichwani.

Na ikitoka chini ya 30? Hapa ndo panapotenganisha alopanga na alobahatisha. Usirudie maneno yale yale polepole, washayasikia. Uwe na slaidi moja umeificha, swali dogo zaidi linalovunja lile kubwa: jiwe la gramu 520 likiwa ndani ya mashua inayoelea, limeongeza maji mangapi ya kusukumwa? Wakishafika kwenye 520, unauliza sasa likizama, na ujazo wake ni 200? Watafika wenyewe. Kama hio slaidi huna, na hujui utakata nini mwisho wa kipindi ili upate nafasi ya kurudi, basi ile kura ni sherehe tu, utaona asilimia 20 na utaendelea na mada kwa sababu ratiba yakusukuma.

Likiwekwa mwisho wa kipindi

Kwa darasa kubwa la jioni hapa mjini, dakika tano za mwisho watu washavaa mabegi, mwenye kwao Likoni anawaza foleni ya feri, mwenye kwao Mtwapa anawaza matatu. Wanajibu haraka haraka watoke. Hata wakijibu kwa makini, jibu lenyewe latoka kwenye slaidi iloonyeshwa dakika kumi zilopita, yani linapima kama walikua macho.

Na jengine, matokeo ukiyaona huna la kufanya, wameondoka. Unayabeba nyumbani, na kipindi kijacho kiko baada ya siku saba. Kama kweli utakuja ufungue kipindi kijacho na makosa yao, hapo lina faida, na kwa darasa dogo la watu 20 wakikuandikia kwa karatasi sentensi mbili za kilichowatatiza ni kitu kizuri sana, mimi hufanya kwa wale wa mwaka wa nne. Lakini kwa 120 nani atasoma.

Mimi ningelitoa swali la mwisho nikaliweke mwanzo wa kipindi kinachofuata, wiki nzima ikiwa imepita. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba ukipima baada ya dakika tano, walosoma tena maandishi wanawashinda walojipima, lakini ukipima baada ya wiki mambo yamegeuka, walojipima ndo wanakumbuka zaidi. Kwa hivo swali la mwanzo wa wiki ya pili lakufanyia kazi mbili, lapima kilichobaki na lenyewe linakibakisha. Sharti moja, lisiwe lile lile la mashua, mana watakumbuka herufi B. Mimi huwauliza la barafu: pande la barafu linaelea kwenye glasi ya maji, ndani ya barafu mna kijiwe kilichoganda humo, barafu ikiyeyuka kijiwe kizame, maji yatapanda, yatashuka ama yatabaki? Yatashuka, kwa sababu ile ile. Alokariri atasema yanabaki, kwa sababu aliwahi kusikia barafu tupu ikiyeyuka maji hayabadiliki, na kwa barafu tupu ni kweli. Hapo wamgundua bila kumuaibisha.

Mkono, kadi ama simu

Haya, apu sasa. Kuinua mkono ni bure na ni haraka, lakini wanaangaliana, wa nyuma wanasubiri wa mbele wainue. Ukikosa kila kitu waambie waweke vidole kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, wote kwa pamoja nikihesabu tatu. Jirani haoni vizuri na wewe wa mbele waona. Idadi kamili hupati, lakini uamuzi wa chini ya 30, katikati, ama zaidi ya 70 hauhitaji idadi kamili, jicho latosha.

Kadi za rangi nne ndo ninazozipenda kwa hapa kwetu. Karatasi moja ya A4 ikunjwe mara mbili, kila upande rangi na herufi yake, mwanafunzi aibandike ndani ya jalada la daftari. Stima ikipotea bado zafanya kazi. Ukiangalia ukumbi waona rangi, njano ikitawala wajua ni A bila kuhesabu. Kasoro ni kwamba hakuna kumbukumbu, ukitaka kulinganisha wiki na wiki lazima upige picha ama uandike makadirio pale pale.

Plickers iko katikati, kila mwanafunzi ana karatasi yenye alama yake, anaigeuza kulingana na jibu, na wewe mwalimu peke yako unapitisha kamera ya simu yako inasoma. Wanafunzi hawahitaji simu wala bando. Lakini kadi zake zinaishia 63, kwa hivo darasa la 120 halitoshi, na safu za nyuma za ukumbi mrefu kamera inasumbuka kuzisoma.

Simu za wanafunzi, na Mentimeter ama Google Forms, zakupa idadi kamili na siri ya kweli, hakuna anaemuona mwenzake, na kwa mtoto anaeona haya hilo ni jambo kubwa. Gharama yake ni wakati. Mara ya kwanza kuingia kwenye linki, huyu bando limeisha, yule simu asilimia 3, wifi ya ukumbi inashindwa watu mia wakiingia pamoja, dakika tano zimekwenda kwa kura ya nusu dakika. Na akishashika simu kurudi kwenye somo ni kazi. Mipango ya bure pia huwa na kikomo cha washiriki, kwa hivo hesabu darasa lako kabla ya siku yenyewe. Kahoot mimi siitumii kwa maswali ya aina hii, mana yampa alama zaidi anaebofya haraka, na swali la jiwe na mashua lataka mtu akae kimya dakika nzima. Kwa kurudia istilahi, sawa, itumie.

Nilivompangia mwenzangu

Kipindi chake ni saa 2 mpaka saa 4 asubuhi. Tumeweka swali moja la mada ya wiki ilopita dakika ya 5, lile la barafu lingoje wiki ijayo, wakijibu kimya kura moja tu bila mjadala. Dakika ya 15 utabiri na tangi mezani, dakika 6 pamoja na jaribio. Swali kubwa la kiungo linaingia pale anapomaliza kinachoelea na kabla hajagusa uthabiti, kwa makadirio dakika ya 50, na hilo lapewa mzunguko kamili wa dakika 8, na slaidi ya siri iko nyuma yake. Swali la nne nimemkataza, alitaka manne.

Kwa kua swali la mashua na tangi ni kitu kimoja, ukifanya jaribio dakika ya 15 jibu wamelishaona, kwa hivo kwenye utabiri tumetumia kitu chepesi zaidi, chungwa lenye ganda na chungwa lilomenywa, lipi litaelea, na la jiwe tukalihifadhi kwa kiungo. Chungwa lenye ganda laelea, lilomenywa lazama, hewa iko ndani ya ganda. Jaribio la jiwe kwenye tangi linafanyika baada ya kura ya pili.

Dakika zilizoliwa zote ni kama 18, akaniuliza azitoe wapi. Tukafungua slaidi zake pamoja, tukakuta kumi na moja za historia ya Archimedes na taji la mfalme na fomula ambayo kitabu cha kozi kimeieleza ukurasa mzima. Hizo akawapa wasome nyumbani. Jumatatu anaanza, kadi za rangi ashakata, jiwe kalitoa ufuoni Tudor na kalipima kwa mizani ya dukani, gramu 490.

Ujazo bado hajaupima. Nimemwambia aupime kabla ya Jumatatu, ajaze kopo la maji mpaka ukingoni, alizamishe jiwe, akinge yanayomwagika, mana namba za 520 na 200 ni za jiwe langu, na darasa litamuuliza.